Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi na Matroni: naacha kazi niende chuo, mizani inabaki leba

Kwa Mganga Mfawidhi,
Kwa Matroni,
Nakala: Wajumbe wa Bodi ya Hospitali.

YAH: KUACHA KAZI KWA AJILI YA MASOMO YA SHAHADA

Shikamooni.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naanza hivyo kwa sababu masjala yetu barua isiyoanza hivyo huwa inalala siku kadhaa bila muhuri, na hii ningependa igongwe leo. Mimi ni Afisa Muuguzi Msaidizi, mkunga wa wodi ya wazazi, ninayelipwa na hospitali na si na serikali. Natoa notisi ya siku 28 inayoanza leo, tarehe 1 Septemba, na kuisha tarehe 28. Sababu ni kwamba nimechaguliwa kusoma shahada, nimekwisha kuthibitisha chuo, na masomo yanaanza Oktoba.

Kwa barua ya kawaida hayo yangetosha. Mengine yanayofuata nimeyaandika hadharani, bila jina la hospitali wala la mtu, kwa kuwa wenzangu wa hospitali nyingine za mashirika ya dini wananiambia kwao mambo ni haya haya. Nikiyaacha kwenye faili langu binafsi, yatafungiwa humo pamoja na picha zangu za pasipoti.

Nianze na hesabu za kisheria, maana ndiyo mahali ambapo watu huachana vibaya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 41, inataka mtu anayelipwa kwa mwezi atoe au apewe notisi isiyopungua siku 28, kwa maandishi, yenye sababu na tarehe. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, lakini hapo lazima muda uwe sawa kwa pande zote mbili. Wapo waliobanwa wakatoe notisi ya miezi mitatu huku mkataba wao ukiiruhusu hospitali kuwaondoa kwa mwezi mmoja. Mkataba wa namna hiyo haumbani mfanyakazi kuliko unavyomfunga mwajiri.

Jambo la pili ni likizo. Nilipogusia habari hii ofisini niliambiwa, kwa nia njema kabisa, kwamba nichukue likizo yangu iliyobaki ndani ya hizo siku 28 ili niondoke mapema. Sitafanya hivyo. Kifungu kile kile kinakataza notisi kutolewa mtu akiwa likizo au kwenda sambamba na likizo. Likizo niliyoichuma na sijaila hulipwa fedha pamoja na mshahara wa siku nilizofanya kazi, na juu yake napewa cheti cha utumishi. Kiinua mgongo cha kuachishwa kazi sikidai, maana kile ni cha anayeondolewa na mwajiri, na mimi naondoka mwenyewe. Siku zote 28 nitakuwepo zamu, na nitaeleza kwa nini nazihitaji.

Sasa kwa nini naacha kazi badala ya kuomba ruhusa? Matroni anajua kwamba niliomba. Hospitali yetu ni Hospitali Teule. Jengo na usimamizi ni vya kanisa, halmashauri ina mkataba wa huduma nalo, na kwa sababu hiyo katika zamu moja ya usiku utakuta wauguzi wawili waliosoma darasa moja, wanaokunywa chai ya thermos moja, lakini mmoja analipwa na serikali na mwingine na hospitali. Wa serikali akiingizwa kwenye mpango wa mafunzo na kupewa ruhusa ya masomo, anaondoka na mshahara wake na anarudi kwenye nafasi yake. Wa hospitali hana hata fomu ya kujaza. Nilipoomba ruhusa bila malipo, nikitaka tu nafasi yangu itunzwe, nilijibiwa kwamba utaratibu huo haupo na kwamba nikienda nafasi itajazwa. Sikuambiwa kwa ubaya. Ni kweli utaratibu haupo.

Na chuo hakisubiri. Ukichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, unatumiwa namba ya siri kwenye simu ili uthibitishe kimoja ndani ya muda uliowekwa, na ukichelewa nafasi inakwenda kwa mwingine. Mikopo nayo ina masharti yake: Bodi ya Mikopo hutaka mwombaji asiwe na ajira inayompa mshahara. Kwa hiyo ile njia ambayo watu hunishauri, kwamba nibaki kazini zamu za usiku tu na mchana nisome, licha ya kwamba haiwezekani kwa mwili wa binadamu, ingenifungia pia mlango wa mkopo. Karo ya mwaka wa kwanza ninayo kutoka kwenye kikoba chetu. Ya miaka mingine Mungu anaijua.

Lakini sijaeleza ninakwenda kutafuta nini huko. Hili linahitaji nafasi, na linaanzia kwenye ile mizani ya jikoni iliyo juu ya kabati la leba, ambayo wengine huiita mizani ya unga.

Tunajua sote jinsi damu inavyoandikwa kwenye wodi ya wazazi. Mama akishajifungua na kondo la nyuma likishatoka, mkunga anatazama kanga, anatazama shuka la mpira, anaandika "mls 200" au "mls 250". Pitieni rejesta ya mwaka wowote. Ukurasa mzima ni 200 na 250, kana kwamba akina mama wote wa wilaya hii wamekubaliana. Halafu ghafla inatokea 1,500, na hiyo ni ya yule aliyepelekwa thieta. Katikati hakuna kitu. Hakuna 480, hakuna 620. Ukiona rejesta ya namna hiyo ujue damu haipimwi, inakadiriwa kwa macho, na macho hupunguza. Tena hupunguza zaidi pale damu inapokuwa nyingi, kwa sababu kanga inanyonya na ua lake ni jekundu.

Mizani inafanya kazi kwa kanuni nyepesi mno. Gramu moja ya damu ni karibu na mililita moja. Unapima kanga ikiwa kavu, unapima ikiwa imelowa, unatoa. Kazi iko kwenye kujua ni kanga ipi ya kupima. Maji ya uzazi yakimwagika kwenye kanga ile ile, hesabu imeharibika. Kwa hiyo mtoto akishatoka na kufutwa, unaondoa kila kilicholowa maji, unaweka kanga safi na kavu chini ya mama, na kuanzia hapo kila kinachoingia kwenye kanga hiyo, pedi na gozi kinahesabiwa. Mkojo ukiingia, andika kwamba umeingia, usijidai hukuona. Kanga hazilingani uzito, nzito na nyepesi zipo, ndiyo maana mama anapofika na begi lake tunapima kanga moja au mbili mapema na kuandika uzito juu ya patografu, ile karatasi ya kufuatilia leba, kwa penseli.

Niwape mfano mmoja jinsi hesabu inavyokwenda. Mama wa uzao wa tano, mtoto wa kilo 3.8, leba ya haraka, oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, yuniti 10 za kwenye msuli amechomwa ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, kondo limetoka lote. Kwa macho, anaonekana vizuri. Anaongea, ameuliza kama ni wa kike. Mwenzangu wa zamu alikuwa ameshika kalamu kuandika 250. Kanga yake kavu ilikuwa gramu 220. Imelowa, 640. Hapo ni 420. Pedi na gozi vikavu vilikuwa gramu 60, vimelowa 210, hapo ni 150. Jumla 570. Mapigo 112, presha 104 kwa 62. Mama yule yule, kitanda kile kile, dakika ile ile. Aliyeandikwa 250 anafunikwa na kuachwa apumzike, anaangaliwa tena baada ya nusu saa. Mwenye 570 ameshavuka 500, anatokwa na damu kupita kiasi, na kazi inaanza papo hapo: kusugua mfuko wa uzazi hadi ukaze, oksitosini ya pili kupitia mshipa, asidi ya traneksamiki ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1 kwa dakika kumi, dripu, kibofu kitolewe mkojo, kisha kuchungulia kama kuna mchaniko au kipande cha kondo kilichobaki. Vyote kwa pamoja. Zamani tulifundishwa kujaribu kimoja, kusubiri, ndipo uende kingine, na katika kusubiri huko ndiko damu inakokwisha. Mfuko wa yule mama ulikaza na thieta hakwenda.

Hii si hekima yangu. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania yetu hii, zenye akina mama zaidi ya 200,000. Wao walitumia shuka la plastiki lenye mfuko uliochorwa vipimo, linalowekwa chini ya mama, na mistari inaonyesha mililita. Damu ikifika kiwango, matibabu yote yanaanza kwa mpigo kama nilivyoeleza. Hatari kubwa za kutokwa na damu, yaani kuvuja lita moja na zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kifo cha damu, zilipungua kwa asilimia 60. Jambo ambalo mimi lilinikaa zaidi ni jingine: katika hospitali zilizotumia shuka lile, waliotokwa na damu kupita kiasi waligunduliwa 93 kati ya 100. Kwenye hospitali zilizoendelea kama kawaida waligunduliwa 51. Nusu ya wenye shida walikuwa kitandani, mbele ya wakunga waliosoma, na hakuna aliyejua.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2025 umekwenda mbele zaidi. Hausubiri 500. Damu ikifika mililita 300 na dalili moja ya mwili imeharibika, mfano mapigo yamepita 100 au namba ya juu ya presha imeshuka chini ya 100, matibabu yanaanza. Sasa niambieni, mtu anayekadiria kwa macho ataitofautishaje 250 na 300?

Shuka lenye vipimo tuliliomba na hatujalipata. Najua bajeti ni finyu, nimeona madaftari ya madeni ya dawa. Mizani ya betri yenye kupima hadi kilo 5 nilinunua sokoni, na haina ujanja wowote. Naiacha. Haimo kwenye orodha ya mali za hospitali, kwa hiyo mtunza stoo asije akaihamishia jikoni kwa kudhani imepotea kutoka huko.

Hapa sasa ndipo ninapofika kwenye chuo. Tulipokuwa tumepima kwa muda, idadi ya waliotokwa na damu kupita kiasi kwenye ripoti yetu ya mwezi ilipanda. Ilipanda sana. Kwenye kikao cha kujadili vifo na matukio ya uzazi, daktari mmoja akaniuliza mbele ya wote: mnapima vizuri zaidi, au mnahudumia vibaya zaidi? Au ni kwa sababu vituo vya afya vinawaleta rufaa wagonjwa wengi kuliko zamani? Swali lilikuwa la haki, na sikuwa na jibu. Nilikuwa na daftari limejaa namba na sikujua namna ya kuzitenganisha. Unalinganishaje miezi miwili ambayo haikuwa na akina mama wa aina moja? Ni wangapi wanatosha kabla hujasema kitu kimebadilika kweli? Stashahada ilinifundisha kumhudumia mama aliye mbele yangu, na ilinifundisha vizuri. Haikunifundisha kuwasoma akina mama mia nne walio kwenye daftari. Hicho ndicho ninachokwenda kutafuta, na cheo cha Afisa Muuguzi kikija baadaye sitakikataa.

Nikiondoka, nina wasiwasi na mambo mawili ambayo hayamo kwenye fomu ya makabidhiano.

La kwanza ni rota. Kila baada ya miezi mitatu Matroni hubandika karatasi mpya na wauguzi wanahamishwa: wa leba anakwenda wodi ya wanaume, wa watoto anakuja leba, wa wagonjwa wa nje anakwenda thieta. Sababu naielewa. Watu ni wachache na kila mmoja lazima aweze kuziba pengo popote. Pia inaonekana ni haki, hakuna anayebaki kwenye wodi ngumu milele. Lakini tazameni inavyotokea leba. Mwezi wa kwanza mgeni anakumbuka patografu kutoka chuoni, na anahitaji mtu wa kumsimamia. Mwezi wa pili mkono wake unaanza kutambua mfuko wa uzazi uliokaza na ule unaodanganya, maana upo unaodanganya: unakaza ukiusugua na kulegea ukiondoa mkono. Mwezi wa tatu amekuwa mtu wa kutegemewa usiku. Kisha karatasi inabandikwa.

Mimi sikuhamishwa kama wengine, na mnajua sababu: Matroni alinibakiza mara kadhaa kwa penseli, jina likifutwa na kurudishwa. Kwa hiyo maarifa ya wodi yamekaa kwa mtu mmoja kwa upendeleo wa penseli, na sasa mtu huyo anaondoka. Sipendekezi rota ifutwe. Napendekeza kila zamu ya leba iwe na mkunga mmoja wa kudumu asiyehama kwa angalau mwaka, na mwingine ndiye azunguke. Zamu ni tatu, weka na wa kupokea siku za mapumziko na likizo, ni wakunga watano. Majina ninayo, na Matroni anayo pia. Hakuna anayehitaji kuajiriwa upya ili hili lianze.

La pili ni oksitosini. Dawa hii inatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Friji nzuri tuliyonayo ni ya chanjo, iko kliniki ya mama na mtoto, na kliniki inafungwa jioni. Kwa muda mrefu vichupa vya usiku vilikaa kwenye droo ya leba, karibu na dirisha linalopigwa jua la mchana. Ubaya wa oksitosini iliyopata joto ni kwamba haikuambii. Haibadiliki rangi, haifanyi ukungu, kichupa ni kile kile na tarehe ya kuisha bado iko mbele. Unakuja kujua tu pale umechoma yuniti 10 na mfuko wa uzazi haukazi, na hapo utadhani mama ndiye mwenye tatizo.

Tunachofanya sasa, na ambacho hakijaandikwa popote, ni hiki. Kabla kliniki haijafungwa mkunga wa mchana anachukua vichupa vya usiku mmoja tu, anaviweka kwenye kile kikasha cha kubebea chanjo pamoja na vifuko vya barafu vilivyoachwa kwanza nje hadi ukivitikisa maji yanasikika ndani. Hilo la kusubiri ni muhimu, maana barafu iliyoganda kabisa ikigusa vichupa itavigandisha, na kugandisha nako ni kuharibu. Asubuhi vilivyobaki havirudishwi kuchanganywa na vingine, vinawekwa pembeni na kutumika kwanza. Umeme ukikatika zaidi ya saa chache, mtu wa kliniki anaandika kwenye karatasi ya friji na kumwambia wa leba. Kwa sasa mtu huyo wa kliniki hunipigia mimi, kwenye simu yangu. Baada ya tarehe 28 atampigia nani?

Nije kwenye ombi langu kwa Bodi, na hili halinihusu tena mimi. Wauguzi wa hospitali wanaoomba kwenda kusoma wataendelea kuja. Mkiendelea kuwaambia utaratibu haupo, watafanya kama mimi, na baada ya shahada wataomba ajira serikalini kupitia matangazo kama kila mtu, na mtawapoteza mara mbili. Wekeni mkataba wa masomo wa kurasa mbili. Hospitali iitunze nafasi ya muuguzi bila mshahara kwa miaka ya chuo. Muuguzi arudi kufanya kazi kwa malipo wakati wa likizo ndefu za chuo, kipindi ambacho wengine wengi wanaomba likizo na rota inapasuka. Akihitimu, atumikie hospitali miaka inayolingana na ile aliyotunziwa nafasi.

Naomba tu jambo moja kwenye mkataba huo lisifanywe kama lilivyofanywa kwenye zile kozi fupi. Wenzetu waliopelekwa semina ya wiki mbili walisainishwa kubaki miaka mitatu, na mmoja alipoondoka mshahara wake wa mwisho ukakatwa wote. Sheria hairuhusu kukata mshahara kwa deni ambalo mtu hakulikubali kwa maandishi, na kukubali kwenyewe kunataka ajue ni deni la kiasi gani. Andikeni gharama halisi, andikeni inavyopungua kila mwaka anaotumikia, asome kabla ya kusaini, apewe nakala. Nakala ndiyo mara nyingi inayosahaulika.

Matroni, wewe nakuandikia kipekee, na utanisamehe nikikuita mama mbele ya wote. Uliposikia habari za chuo uliniuliza swali moja tu, nani atakaa usiku wa Jumamosi. Wengine walidhani ulikasirika. Mimi nilijua unahesabu, na usiku wa Jumamosi ndiyo wenye wazazi wengi na daktari mmoja wa zamu anayelala nje ya geti. Nimezungumza na wale wawili unaowafahamu. Mmoja amekubali Jumamosi hadi mwisho wa Oktoba. Wa pili anataka kwanza apange zamu na mumewe, ambaye ni dereva na hulala safari.

Kwa siku 28 hizi naomba nipangwe mchana wiki mbili za mwanzo, na usiku wiki mbili za mwisho, kila zamu nikiwa na mmoja wa wakunga watakaobaki. Mchana ni kwa ajili ya kikasha, friji na rejesta. Usiku ni kwa ajili ya mizani, kwa sababu kupima kanga saa tisa usiku ukiwa na wazazi wanne na mikono miwili ni kitu kingine kabisa na hakifundishiki darasani. Nikiwafundisha mchana peke yake, tarehe 29 rejesta itarudi 200 na 250.

Funguo za kabati la dawa zinazodhibitiwa, pamoja na daftari lake, nitazikabidhi kwa kuhesabu kichupa kwa kichupa mbele ya mfamasia na atakayezipokea, na tutasaini wote watatu. Daftari langu la uzito wa kanga ninawaachia. Nimetoa nakala ya namba peke yake kwa ajili ya masomo, bila majina, bila namba za faili na bila vijiji, na kabla sijaitumia popote nitaleta barua ya kuomba kibali kwa Mganga Mfawidhi kupitia chuo. Kama mtakataa, nitaichana.

Cheti cha utumishi naomba kiandaliwe kabla ya tarehe 28, kwa kuwa chuo kiko mbali na nauli ya kurudi kukifuata ni karibu na pesa ya kodi ya chumba kwa mwezi. Matroni, Jumatatu baada ya kukabidhiana zamu ya asubuhi nitakuja ofisini na ile rota. Naomba mtu wa kliniki awepo, tukubaliane namba ya simu atakayopiga umeme ukikatika.

Wenu mtiifu,

Afisa Muuguzi Msaidizi,
Wodi ya Wazazi.